Mkono Kwanza, Shingo Baadaye

Leo nazungumzia uvimbe wa shingo, ule ambao wengi wetu tunauita goita na wazee wanauita rovu. Sitaanza na dawa wala na upasuaji. Nitaanza na ile robo saa ambayo mgonjwa amekaa kwenye kiti mbele ya tabibu, damu haijatolewa na picha haijapigwa, na kilichopo mezani ni saa yenye mshale wa sekunde, stethoskopu, karatasi moja na kikombe cha maji. Katika robo saa hiyo mengi hujulikana, na mengi hupotea pia kama tabibu ana haraka.

Mgonjwa wa rovu akiingia chumbani, macho ya wote huenda shingoni. Ndugu aliyemsindikiza anaonyesha shingo, na mgonjwa mwenyewe anafungua mtandio aonyeshe shingo. Mimi naomba mkono. Sina dharau kwa shingo, nitaifikia. Ila rovu lina maswali mawili tofauti kabisa, na wengi huyachanganya. La kwanza: tezi hii inafanya kazi kiasi gani, imezidisha, imepunguza, au iko sawa? La pili: umbo lake likoje, na linabana nini? Shingo inajibu swali la pili. Swali la kwanza linajibiwa na mwili mzima, na jibu lake la haraka liko kwenye kiganja na kwenye mapigo ya moyo. Kuna mama mwenye rovu la kujaza mikono miwili ambaye tezi yake inafanya kazi sawasawa na yangu na yako. Kuna kijana ambaye huoni kitu shingoni, lakini tezi yake imechachamaa na moyo wake unakimbia usiku na mchana. Ukubwa hauelezi kazi.

Tezi yenyewe ni ya thairoidi, huitwa pia tezi dundumio. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa kama gramu 15 hadi 25. Ina mapande mawili, moja kila upande wa bomba la hewa, na daraja jembamba linaloyaunganisha kwa mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Inatengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili: moyo upige kwa kasi gani, chakula kichomwe upesi kiasi gani, joto litoke kiasi gani, hata utumbo usukume haraka au polepole. Kutengeneza homoni hizo inahitaji iodini, yaani madini joto yale tunayoyasikia kwenye habari za chumvi. Yakikosekana kwa miaka mingi, tezi hujitanua ili inase hata kile kidogo kinachopita kwenye damu. Ndivyo rovu la nchi zetu za bara linavyoanza.

Sisi wa Katavi tuko mbali na bahari, na chumvi ya bara ina historia yake. Pale Uvinza, jirani zetu wa Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi ile ilisafiri mbali kwa miguu ya wapagazi. Ilikuwa chumvi nzuri ya kuungia mboga, lakini chumvi ya namna hiyo haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe kwa makusudi. Katika miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi nchini zilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule ulikuta wenye rovu wamefikia asilimia 6.9, kutoka takriban asilimia 25 ya miaka ya 1980. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini rovu lililokwisha kukua na kujaa vinundu kwa mtu mzima halirudi nyuma kwa sababu chumvi imebadilika. Kwa hiyo wanaokuja kwetu leo wakiwa na marovu makubwa mara nyingi ni watu wazima waliokulia nyakati zile, hasa wanawake.

Nichukue mgonjwa mmoja. Habari zake nimezichanganya na za wengine ili asitambulike, lakini kila dalili nitakayoitaja ni ya kweli kwa ugonjwa huu. Ni mama wa miaka 58, mkulima wa mihogo na mahindi kutoka upande wa milima ya Mwese. Rovu analo tangu akiwa msichana. Halikumletea shida, na pale kijijini si yeye peke yake. Kilichomleta ni kwamba kwa miezi kadhaa amekonda huku anakula vizuri, usiku hapati usingizi, moyo unamdunda, na akipanda kilima na dumu la maji anahema. Ametibiwa malaria zaidi ya mara moja, mara nyingine bila kipimo kuonyesha vimelea. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia, nami nikampa mkono.

Salamu hiyo ni kipimo cha kwanza. Kiganja chake kilikuwa cha moto na chenye unyevu. Hapa inabidi kuwa mwangalifu, maana mwezi wa Oktoba Mpanda ina joto la kumtoa jasho kila mtu, na mtu mwenye hofu ya daktari hutoka jasho pia. Tofauti ni hii: mwenye hofu, viganja vyake vina jasho lakini ni vya baridi, kwa sababu hofu hubana mishipa midogo ya mikono. Mwenye tezi iliyozidisha ana jasho na joto kwa pamoja, kwa kuwa mwili wake unatengeneza joto jingi na unafungua mishipa ya ngozi ili ulitoe. Na kama nje kuna joto, mpe mgonjwa nafasi akae kivulini kwa muda ndipo umshike. Tezi ikipunguza kazi, mkono hugeuka kinyume: baridi, mkavu, ngozi nene yenye kukwaruza.

Kisha nikamwomba anyooshe mikono mbele, vidole vimepanuka, viganja vikitazama chini. Mtetemeko wa tezi ni mwembamba na wa haraka, jicho linaweza kuupita. Ndiyo maana kuna karatasi mezani. Ukiilaza juu ya vidole vilivyonyooka, kingo zake hutetemeka na mtetemeko unaonekana hata kwa ndugu aliyekaa pembeni. Kwa mama huyu karatasi haikutulia hata sekunde moja. Nikatazama na kucha. Mara nyingine ukucha wa kidole cha pete huachana na nyama kuanzia ncha, na uchafu wa shamba ukaingia chini yake usitoke kwa kuosha. Kwake hilo halikuwepo, na kukosekana kwake hakuondoi ugonjwa. Mkulima naye huharibika kucha kwa jembe, kwa hiyo dalili hii peke yake siipi uzito.

Sasa mapigo. Weka vidole viwili vya katikati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu dakika nzima. Nasisitiza dakika nzima, kwa sababu desturi ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne inafaa kwa mapigo yaliyopangika tu. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Mama huyu alikuwa na 112. Lakini jambo kubwa zaidi ya hesabu lilikuwa mpangilio wake: pigo moja lina nguvu, linalofuata dhaifu, mawili yanafuatana mbio, kisha kimya, kisha tena, na hakuna utaratibu wowote ambao ungeweza kuufuata kwa kupiga kofi. Mapigo ya namna hiyo hutokea pale vyumba vya juu vya moyo vinapoacha kupiga na kubaki vinatetemeka. Nikaweka stethoskopu kifuani na kuhesabu tena, nikapata 132. Tofauti ya 20 ni mapigo ambayo moyo umeyapiga kabla haujajaa damu, kwa hiyo hayakufika mkononi. Ungehesabu mkononi peke yake ungedhani moyo unaenda taratibu kuliko unavyokwenda.

Moyo wenye mapigo ya vurugu si wa kusubiri. Damu inayotuama kwenye vyumba vinavyotetemeka inaweza kuganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo, huleta kiharusi. Kwa watu wa umri wake, wakati mwingine hii ndiyo dalili pekee ya tezi iliyozidisha. Hana jazba, hatetemeki sana, macho ni ya kawaida, ila moyo umevurugika. Tabibu akikuta mapigo ya vurugu kwa mtu mzima, ashike shingo hata kama mgonjwa hakulalamikia shingo.

Lakini, msikilizaji, moyo kwenda mbio Katavi kuna sababu nyingi, na tezi si ya kwanza kwenye orodha. Homa hukimbiza moyo, kwa hiyo pima joto. Mama huyu alikuwa na nyuzi 36.8. Upungufu wa damu hukimbiza moyo, kwa hiyo vuta chini kope la chini utazame wekundu wake. Wake ulikuwa mzuri. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu, VVU au kisukari, na hayo yapimwe bila kusita. Kinachosaidia kutofautisha hofu na tezi ni usingizi. Mtu mwenye hofu akilala, moyo hutulia. Mwenye tezi iliyozidisha, moyo unaendelea kukimbia hata akiwa usingizini. Mgonjwa akilazwa, muuguzi wa zamu anaweza kuhesabu mapigo saa nane za usiku bila kumwamsha, na hesabu hiyo ina thamani kubwa. Na muulize mgonjwa kama anatumia dawa za moyo au shinikizo la damu. Propranololi, kwa mfano, hushusha mapigo na kutuliza mtetemeko, ukadhani tezi iko sawa kumbe dalili zimefunikwa.

Kabla ya kufika shingoni nina vituo viwili vifupi. Nilimwomba mama asimame kutoka kwenye kigoda bila kujishika popote. Hakuweza mara ya kwanza, alijisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Homoni ikizidi hula misuli mikubwa ya mapaja na mabega, na mgonjwa huanza kulalamika kwamba kuchuchumaa chooni kumekuwa kazi. Kisha macho. Nilimwomba afuate kidole changu kikishuka polepole. Kope la juu lilichelewa, likabakiza ukanda wa weupe kati yake na duara la jicho. Hiyo hutokea kwa tezi yoyote iliyozidisha. Lakini macho kutokeza mbele, yakiwa yamevimba na mekundu, hilo ni jambo jingine: ni alama ya ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inaichokoza tezi, ule ulioelezwa na daktari Graves wa Dublin mwaka 1835. Kuona kama macho yametokeza, simama nyuma ya mgonjwa aliyekaa na utazame kwa juu ya paji lake. Yake hayakutokeza. Hilo lilianza kunielekeza kwamba chanzo ni vinundu ndani ya rovu la siku nyingi.

Sasa shingo, na ule mkono wa haraka lazima uzuiwe tena, kwa sababu hapa tunaanza kwa kutazama. Mgonjwa akae wima mahali penye mwanga unaotoka ubavuni, mtandio na mkufu vitolewe kwa idhini yake, shingo iwe katika hali ya kawaida. Tazama kwa mbele, kisha kwa ubavuni. Tafuta kovu la upasuaji wa zamani. Kuna makovu pia ya chale za tiba za asili, nayo yanaeleza uvimbe umekuwepo muda mrefu kiasi gani. Kisha mpe kikombe cha maji. Mwambie apige funda dogo, alishike mdomoni, na ameze utakapomwambia. Usimwambie ameze mate mara tano mfululizo. Mdomo hukauka na koo hugoma, hasa kwa mtu mwenye wasiwasi.

Akimeza, tezi hupanda juu na kushuka. Sababu yake ni kwamba imefungwa kwa utando na kano fupi kwenye bomba la hewa na kwenye pete ya gegedu iliyo chini ya kikoromeo, na tunapomeza kikoromeo hupanda ili kuziba njia ya hewa. Kikipanda huinuka na tezi yake. Uvimbe unaopanda kwa kumeza basi karibu daima ni wa tezi hii. Uvimbe wa tezi za limfu, ambao kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu, hubaki pale pale mgonjwa anapomeza. Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi nao haupandi. Kuna kimoja cha kuchanganya: kifuko cha maji cha katikati ya shingo, ambacho baadhi ya watoto huzaliwa na mabaki yake. Hicho hupanda kwa kumeza, lakini hupanda pia mtoto akitoa ulimi nje, kwa sababu kimeungana na mzizi wa ulimi. Tezi yenyewe haifuati ulimi. Kwa hiyo mgonjwa apige funda, kisha atoe ulimi. Na kama uvimbe una kila sura ya rovu lakini haupandi kabisa, hilo ni la kutia hofu: huenda saratani imeunatisha na nyama za jirani.

Rovu la mama lilipanda vizuri, pande zote mbili, la kulia kubwa zaidi. Ndipo nikaenda nyuma yake. Kumshika mtu shingo kutoka nyuma kunatisha, kwa hiyo nilimwambia kabla sijamgusa: "Mama, nitasimama nyuma yako nikushike shingo taratibu. Ukiumia niambie nitaacha." Nikamwomba ainamishe kidevu kidogo. Wengi hukosea hapo kwa kumwinua mgonjwa kichwa, kwa vile shingo iliyonyooka inaonekana vizuri. Kwa macho ni sawa. Kwa vidole, misuli inakazana na kukuficha tezi. Vidole vya mikono miwili vinatafuta kikoromeo, vinashuka hadi kwenye ile pete ya gegedu, na chini yake kidogo kuna daraja. Toka hapo vielekee pembeni. Mkono mmoja unasukuma bomba la hewa polepole upande wa pili, mwingine unalihisi pande lililosogezwa. Mgonjwa ameze tena, na tezi ipite chini ya vidole vilivyotulia. Usifukuzane nayo. Na usibane pande zote mbili kwa nguvu, mishipa mikubwa ya kwenda kichwani iko hapo hapo na mgonjwa anaweza kuzirai.

Vidole vinauliza mambo machache. Uso wa tezi ni laini wote au una vinundu? Ulikuwa na vinundu, vingi, vya ukubwa tofauti. Ugumu wake ukoje? Kipimo cha haraka cha ugumu tunacho usoni: mdomo ni laini, ncha ya pua ni ya wastani, paji la uso ni gumu. Vinundu vyake vilikuwa kama ncha ya pua, na hakukuwa na kilichofanana na paji. Je, kuna tezi za limfu pembeni? Hapakuwa na hata moja. Bomba la hewa liko katikati? Kidole kikiwekwa kwenye shimo lililo juu ya mfupa wa kidari kinapaswa kukuta bomba katikati. Lake lilikuwa limesogezwa kushoto. Na swali linalosahaulika kuliko yote: je, vidole vinafika chini ya rovu? Upande wa kushoto, akimeza, ukingo wa chini ulipanda nikaupata. Upande wa kulia sikuupata. Rovu lilishuka nyuma ya mfupa wa kidari, na sehemu ile ya ndani hakuna jicho wala kidole cha kuifikia.

Kwa hiyo nikamwomba ainue mikono yote miwili juu hadi iguse masikio, aishike hivyo kwa dakika moja. Kipimo hiki kilielezwa na daktari Pemberton wa Liverpool mwaka 1946. Mikono ikiinuka, mlango wa juu wa kifua hubanwa, na rovu lililoingia humo huziba mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema uso hugeuka mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi huuoni, na ukiusubiri utasema kipimo hakina kitu. Tazama mishipa ya shingo kama inatuna, tazama midomo na ulimi kama vinaiva rangi ya zambarau, muulize kama kichwa kinajaa, na sikiliza pumzi. Kwa mama mishipa ilituna ndani ya nusu dakika na pumzi ikaanza kukoroma. Nikamwambia ashushe mikono mara moja. Sasa ilieleweka kwa nini anapata shida anapoanika nguo kwenye kamba ya juu, jambo ambalo hakulitaja mpaka nilipomuuliza.

Mwisho, stethoskopu juu ya kila pande, huku mgonjwa amezuia pumzi kidogo. Tezi inayochokozwa na kinga ya mwili hupitisha damu nyingi hata unasikia mvumo. Yake ilikuwa kimya, na hilo lilikubaliana na macho.

Tukiunganisha: mkono wa moto na unyevu, mtetemeko, mapigo ya vurugu yenye 132 kifuani, mapaja dhaifu na kope linalochelewa vinasema tezi imezidisha. Vinundu vingi, macho yasiyotokeza na ukimya wa tezi vinasema chanzo ni vinundu vya rovu la zamani vilivyoanza kujiendesha bila kusikiliza amri ya ubongo. Ukingo usiopatikana, bomba lililosukumwa na ile mikono iliyoinuliwa vinasema rovu limeingia kifuani na linabana. Vinundu vya namna hii vinaweza kuamka pale mtu aliyekosa madini joto miaka mingi anapoanza kuyapata. Ilionekana Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1990 baada ya chumvi yenye madini kuenea. Tafadhali usitoke hapa ukatupa chumvi hiyo. Inamkinga mtoto aliye tumboni asizaliwe na akili iliyodumaa, na faida hiyo ni kubwa mno kuliko hatari kwa wachache wenye vinundu vya zamani, ambao wanatibika.

Mikono nayo ina mipaka yake. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 1994, linapanga rovu kwa ngazi tatu tu: sifuri, halishikiki wala halionekani, moja, linashikika lakini halionekani shingo ikiwa kawaida, mbili, linaonekana. Kwenye hiyo ngazi ya kwanza watabibu wawili wazuri wanaweza kumshika mtoto mmoja wakatofautiana, ndiyo maana ultrasaundi ilipofika ilithaminiwa. Vidole haviwezi pia kukuambia kinundu kipi ni saratani. Vinaweza kukuambia kipi cha kuogopa: kigumu kama paji, kinachokua kwa wiki, kilichonata, chenye sauti iliyokwaruza au tezi za limfu pembeni. Mwenye kinundu hicho hapewi miezi ya kusubiri, anapelekwa akachomwe sindano ndogo ya kuchukua chembe. Na uzidishaji wa tezi unathibitishwa na damu, kwa kipimo kinachoandikwa TSH kwenye fomu. Hicho hakipo kila zahanati. Pale Karema, Adriano Atiman, aliyesomea udaktari Malta, alitibu watu wa ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kipimo hicho hakikuwepo popote duniani. Ni macho, masikio na vidole.

Kwa hiyo barua ya rufaa ya mama haikuandikwa "ana uvimbe wa shingo". Iliandikwa mapigo mkononi 112, kifuani 132, ya vurugu. Rovu la vinundu vingi, ngazi ya pili, linapanda kwa kumeza, ukingo wa chini kulia haupatikani. Mikono ikiinuliwa mishipa inatuna na pumzi inakoroma. Hana homa, si mpungufu wa damu. Anayeipokea anajua tangu mstari wa kwanza kwamba anahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo, TSH, picha ya kifua na daktari wa upasuaji. Anajua pia kwamba haruhusiwi kumpasua kabla tezi haijatulizwa, kwa kuwa kukata tezi iliyochachamaa kunaweza kumwaga homoni na kumuua mgonjwa.

TSH ilirudi ikiwa chini kabisa. Alianzishiwa kabimazoli, pamoja na dawa ya kupunguza kasi ya moyo na ya kuzuia damu kuganda, akaonywa kwamba akipata homa na vidonda vya koo aache kabimazoli na aje siku hiyo apimwe damu, maana dawa hiyo mara chache huangusha chembe nyeupe. Baada ya wiki sita alirudi. Kiganja kilikuwa kikavu, karatasi ilitulia juu ya vidole, mapigo yalikuwa 84 mkononi na 88 kifuani, ingawa vurugu haijaisha, na kilo tatu zilikuwa zimerudi. Binti yake aliyemsindikiza hakuridhika. "Mbona shingo iko vile vile?" Nilipima kwa utepe mbele yake, na kweli haikupungua hata sentimita moja. Nikamweleza kwamba vidonge vimetuliza kazi ya tezi, lakini umbo lake haviligusi, na lile linalobana ndani ya kifua linamsubiri daktari wa upasuaji, ambaye sasa, kwa mapigo haya, anaweza kuanza kupanga siku.